Barua ya Wazi kwa Kamati ya Ujenzi ya Ukumbi, Endagikot: Kwa Nini Ukuta Haufanani na Picha

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wajumbe wa Kamati, na ninyi nyote mliochangia ukumbi huu kwa fedha, kwa mawe na kwa siku za kazi,



Jumamosi iliyopita, mafundi walipomaliza kozi ya tisa ya ukuta wa mbele, mzee mmoja alisimama pale kiwanjani akaikunjua picha ya jengo tuliyowapa. Aliinua picha usawa wa macho, akautazama ukuta, akairudia picha, kisha akasema kwa utulivu: "Huu sio ukuta tuliouchangia." Nilikuwepo, na nilinyamaza. Niliona kwamba jibu la papo kwa papo lingesikika kama kisingizio, na mzee yule alistahili maelezo kamili. Kufika Jumatatu maneno yalikuwa yameshafika sokoni, kwamba matofali yamebadilishwa, na palipobadilishwa matofali pana mtu aliyekula.

Tunaandika barua hii hadharani kwa sababu mbili. Kwanza, Kamati inatuhumiwa kwa jambo ambalo halikufanyika, na sisi tunao ushahidi. Pili, sehemu ya kosa ni yetu sisi wabunifu. Tuliwapa picha nzuri, mkaipenda, mkaisaini, na hatukuwaambia kwa maneno ya wazi ni kitu gani katika picha ile ni ahadi na kitu gani sio.

Tuanze na namna picha ile ilivyotengenezwa, maana ndipo mambo yote yalipoanzia.

Katika kompyuta, ukuta hauna tofali hata moja. Ni bapa tupu, kama ubao uliopigwa randa. Sisi tunalivisha bapa hilo picha ya matofali, na picha hiyo ni ndogo, labda ya ukuta wa mita moja tu. Programu inairudia rudia mpaka bapa lote lijae, kama vile ua la kitenge linavyorudi mle mle toka upindo mmoja hadi mwingine. Picha ya matofali tuliyoitumia ilikuja pamoja na programu. Yalikuwa matofali ya kiwandani ya kipimo cha Kiingereza, milimita 215 kwa urefu na 65 kwa kimo, yote yametoka kwenye mashine moja, yana kingo kali, na kati ya tofali na tofali kuna jointi ya milimita 10. Tuliichagua kwa sababu ilikuwa nyekundu, na mlituambia mnataka ukumbi wa matofali mekundu ya kuchoma ya hapa hapa. Hapo ndipo tulipokosea. Neno "mekundu" tulilisikia, na neno "ya hapa hapa" tukalipita.

Matofali ya hapa yanafyatuliwa kwa mkono, kwenye kibao cha mbao, yanaanikwa, kisha yanapangwa tanuri na kuchomwa kwa kuni. Udongo una chuma ndani yake, na chuma hicho ndicho kinachotoa wekundu pale moto unapokuwa mkali wa kutosha. Lakini moto wa tanuri haugawanyiki sawa. Matofali yaliyo karibu na midomo ya kuni huungua sana, hutoka na rangi ya zambarau iliyokolea, na mengine hujipinda au kushikana. Ya katikati ndiyo mekundu na mazuri. Ya pembeni na ya juu kabisa hupata moto hafifu, hutoka na rangi ya chungwa iliyopauka. Tanuri moja, udongo mmoja, kuni zile zile, na bado utapata rangi tatu au nne. Mnaoishi Endagikot mnalijua hili kuliko sisi tunaokaa ofisini Mbulu mjini. Picha yetu ndiyo haikulijua.

Rangi, hata hivyo, sio iliyomshtua mzee wetu. Nilipokwenda kusimama pale alipokuwa amesimama, hatua kama thelathini kutoka ukutani, nilichoona mimi pia ni kwamba ukuta wote unavuta kwenye kijivu. Nikasogea mpaka nikaugusa, na pale karibu matofali ni mekundu kabisa. Basi kijivu kinatoka wapi?

Kinatoka kwenye jointi. Siku ile ile tulichukua matofali ishirini kutoka kwenye rundo bila kuchagua, tukayapima kwa tepu. Fupi kuliko yote lilikuwa na milimita 210 na refu 232. Kimo kilianzia 64 hadi 77. Fundi anayelaza matofali ya namna hiyo hana njia ya kufuata kamba ila kuongeza mota chini ya tofali la kimo kidogo na kuipunguza chini ya la kimo kikubwa. Jointi inabeba tofauti zote za kibao cha mfyatuaji. Ukimwambia aweke milimita 10, tofali la kwanza la kimo kikubwa litamtoa kwenye kamba. Kwa hiyo mafundi wetu waliweka jointi ya wastani wa milimita 25, na kwa matofali waliyopewa hawakukosea.

Sasa tufanye hesabu pamoja. Kwenye picha, tofali la 215 kwa 65 lina jointi ya 10 upande mmoja na chini yake. Ukigawa eneo la uso wa ukuta, katika kila sehemu 100, sehemu 83 ni tofali na 17 ni mota. Kwenye ukuta wetu, tofali la wastani ni kama 220 kwa 70, na jointi ni 25. Hapo, katika kila sehemu 100, tofali ni 66 tu, na mota ni 34. Kijivu cha saruji kimeongezeka mara mbili. Ukiwa karibu, jicho linalitenga tofali na mota na unauona wekundu. Ukiwa mbali, jicho linachanganya vyote viwili, na theluthi nzima ya unachokiona ni saruji. Mzee wetu alikuwa mbali, na alichokiona ni kweli tupu.

Kuna hospitali Rwanda, wilayani Burera, inayoitwa Butaro, iliyofunguliwa mwaka 2011. Kuta zake ni za mawe ya volkano ya Virunga, mawe ambayo wakulima wa huko waliyaona kuwa kero ya mashamba. Waliojenga waliyachonga na kuyapanga yakibanana, mota ikafichwa nyuma ili jiwe lionekane peke yake. Ungeweka mawe yale yale na jointi nene ya saruji usoni, usingepata ukuta ule hata kama jiwe ni lile lile. Tumeitaja Butaro kwa kuwa mmoja wenu aliuliza iwapo dawa ni kuagiza matofali kutoka mbali. Hapana. Matofali yenu yanafaa. Kinachohitaji kurekebishwa ni namna ya kuyachambua na kuyalaza, na tutafika huko.

Jambo la pili ni jua. Mbele ya ukumbi wenu panatazama magharibi, na nilipotengeneza picha niliiambia programu kwamba ni saa kumi na moja jioni. Sikufanya hivyo kwa nia ya kudanganya. Ndiyo saa ambayo watu hufika ukumbini kwa shughuli, na ndiyo saa ambayo jengo linalotazama magharibi hupendeza. Lakini mwanga wa saa hiyo una rangi ya dhahabu, na ukiangukia tofali jekundu hulifanya jekundu zaidi, na hata mota ya kijivu huipa joto. Tena jua likiwa chini namna hiyo hupenya chini ya upenu. Upenu wetu umetoka sentimita 90. Kwa miezi ya Machi na Septemba, saa kumi na moja, kivuli chake kinashuka ukutani sentimita 40 hivi tu, na ukuta wote uliobaki unang'aa. Saa nane mchana, siku hiyo hiyo, kivuli kile kile kinashuka mita mbili na zaidi, na ukuta wenu una mita tatu na robo. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya mchana ukuta wa mbele utakuwa kivulini, na tofali lililo kivulini ni la hudhurungi, halifanani na lile la kwenye picha.

Mzee wetu alitazama ukuta saa saba mchana, bila paa, jua likiwa karibu na utosi na ndiyo kwanza linaanza kuugusa upande wa magharibi. Mwanga unaoteremka ukutani namna hiyo unatia kivuli chini ya kila tofali lililochomoza, hata kwa milimita tatu. Mafundi wa lipu wanaujua ujanja huu: hukagua kazi yao kwa kuweka taa ubavuni mwa ukuta, maana mwanga wa ubavuni haufichi kitu. Hakuna saa ambayo ukuta ungeonekana vibaya kuliko ile. Na itakapofika Juni na Julai, ukungu ukilala huku juu hadi katikati ya asubuhi, mtauona ukuta kwa rangi nyingine tena, ya baridi, kama umelowa.

Halafu kuna suala la mahali mlipoiona picha. Nimegundua, kwa kuchelewa, kwamba Kamati ilisaini nakala ya karatasi iliyochapwa kwa wino, wachangiaji wengi waliiona kwenye simu, na siku ya harambee ilitundikwa kwenye turubai kubwa. Juzi niliziweka zote tatu mezani. Kwenye simu paa ni la kijivu kilichokolea. Kwenye karatasi ni la buluu-nyeusi. Kwenye turubai limekuwa karibu kahawia. Simu inatoa mwanga, karatasi inauakisi, na kila mashine ya kuchapa ina wino wake. Hakuna mtu aliyebadilisha chochote kati ya nakala hizo, lakini wachangiaji watatu wanaweza kubishana kwa dhati, kila mmoja akikumbuka paa alilolichangia.

Hapa niingie kwenye bati, kwa sababu bati linatufundisha jambo ambalo tofali halitufundishi.

Mpaka sasa nimeeleza tofauti ambazo si wizi. Lakini wapo kati yenu wanaouliza swali la haki kabisa: je, tutajuaje siku tofauti itakapokuwa wizi kweli? Jibu ni kwamba picha haiwezi kuwasaidia hata kidogo. Kwenye kompyuta bati ni rangi na mistari. Halina unene. Bati la geji 28, la geji 30 na la geji 32 yote yangetoka kwenye picha sawasawa, kama mapacha. Na kumbukeni kwamba namba ya geji ikipanda, bati linakuwa jembamba. Mtu anaweza kuwaletea bati la rangi ile ile hasa, mgongo ule ule, linalofanana na picha kuliko ukuta wenu unavyofanana nayo, na bado akawa amewaibia. Bati jembamba litaonyesha mawimbi kati ya papi na papi jua likipiga, fundi akilikanyaga litabonyea, na upepo wa huku utalisumbua misumarini.

Kwa sababu hiyo, kwenye maelezo ya vifaa hatukuandika geji peke yake. Tuliandika milimita 0.4, kwa kuwa geji inayopigwa muhuri chini ya bati haiaminiki sawa kwa kila mtengenezaji, na milimita inapimika. Ofisi yetu ina maikromita. Lori la bati likifika, hata likichelewa njiani kutoka Karatu na kufika usiku, msiruhusu bati lipande juu kabla hatujapima walau mabati matano yaliyochomolewa katikati ya rundo, mbele ya wajumbe wawili. Na bati lote liagizwe siku moja kutoka kiwanda kimoja, likiwemo la akiba, maana "kijivu cha mkaa" cha kiwanda hiki sio cha kile, na hata cha kiwanda hicho hicho mwezi huu kinaweza kupishana kidogo na cha mwezi ujao. Kwenye paa moja, upishano huo unaonekana tangu barabarani.

Tofali nalo lina wizi wake, na dalili yake haimo kwenye rangi ya mbali. Lipo tofali linalopendeza macho kumbe halijaiva. Chukueni mawili, myagonganishe. Lililoiva hulia kwa sauti kali kama chuma. Bichi hutoa sauti bubu. Likwaruzeni kwa msumari: lililoiva hupata alama tu, bichi huchimbika na kumwaga unga. Na kama bado mna shaka, lipimeni kwenye mizani likiwa kavu, lilazeni ndani ya maji siku nzima, mlipime tena. Tofali letu kavu lina uzito wa kilo mbili na nusu hivi. Likirudi limeongeza zaidi ya nusu kilo, yaani zaidi ya moja ya tano ya uzito wake, hilo linakunywa maji kupita kiasi na halifai kukaa ukuta wa nje unaopigwa na mvua. Jumamosi hiyo hiyo tulifanya kipimo hiki kwa matofali kumi yaliyochaguliwa na wajumbe wenyewe. Tisa yalifaulu. Moja lilikuwa lile la rangi ya chungwa, la juu ya tanuri, na halikufaulu. Matofali ni yale yale yaliyokubaliwa, kutoka tanuri lile lile lililotajwa kwenye mkataba, na stakabadhi ziko kwa Mweka Hazina. Huo ndio ushahidi niliousema, na yeyote anayetaka kuuona anakaribishwa.

Mambo mengine ya picha nitayapita haraka. Sakafu mliyoiona inang'aa kama maji ni ya niru yenye rangi nyekundu. Itang'aa ikipigwa nta, lakini haitaakisi madirisha kama kioo, na miguu yenye vumbi ya watu mia mbili itaipa sura yake yenyewe ndani ya mwaka. Miti mliyoiona nyuma ya jengo ni ya programu. Na kuta za picha hazina tope. Hapa kwetu udongo mwekundu unarushwa na mvua inayodondoka kutoka paani, unapanda ukutani hadi sentimita 50 au 60, na hautoki. Hilo tulilijua, ndiyo maana tulichora mawe kuzunguka jengo lote hadi kimo cha sentimita 60. Msiruhusu mtu ayaondoe mawe hayo ili kubana gharama. Kwenye picha yangeondoka bila kuleta athari yoyote. Kwenye jengo mtayakumbuka masika ya kwanza.

Sasa, kipi ni ahadi? Kazi yetu na mkandarasi inaongozwa na michoro yenye vipimo, maelezo ya vifaa, na mchanganuo wa vifaa na gharama. Nyaraka hizo ndizo zilizosainiwa kama mkataba, na ndizo ambazo Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi inatutarajia tuziandae na tuzisimamie kitaaluma. Kwenye nyaraka hizo imeandikwa: matofali ya kuchoma ya hapa, yaliyochambuliwa, yaliyofaulu kipimo cha maji. Picha haimo. Picha ilikuwa njia yetu ya kuwaonyesha umbo la jengo, mahali pa milango, mteremko wa paa, namna ukumbi utakavyokaa kwenye kilima. Kwa hayo iko sahihi, na mnaweza kuipima ukumbi ukiisha. Kwa rangi na sura ya vifaa ilikuwa makisio yetu, na makisio ya tofali yalikuwa mabaya.

Hata hivyo, hatuwezi kujificha nyuma ya mkataba na kuwaambia kwamba ukuta ni halali basi nyamazeni. Mtu aliyetoa debe la mahindi likauzwa kwa ajili ya ukumbi huu hakusoma maelezo ya vifaa. Aliona picha. Wazee wa Kiiraqw waliojenga nyumba za tembe, zilizochimbiwa ubavuni mwa kilima na kuezekwa udongo, walijua mti, udongo na jiwe kwa kuvishika kabla havijaingia kwenye nyumba. Ninyi tuliwapa kitu cha kutazama tu, na tulipaswa kuwapa pia cha kushika. Tulipaswa kujenga ukuta wa mfano kabla ya kozi ya kwanza. Hatukuujenga, tukitaka kuokoa wiki mbili kabla ya mvua. Kwa hilo tunawaomba radhi.

Ukuta huo wa mfano tumeujenga sasa, kwa gharama yetu, upande wa kaskazini wa kiwanja. Una mita moja na nusu kwa mita moja na nusu, umegawanywa sehemu tatu, zote kwa matofali yenu.

Sehemu ya kwanza ni kama ukuta ulivyo sasa, jointi ya milimita 25 na mota ya kawaida.

Kwa sehemu ya pili tulitumia vibao viwili vya kupimia, tukayachambua matofali kwa kimo, ya 68 hadi 72 yakakaa peke yake. Kwa matofali hayo fundi ameweza kushuka hadi jointi ya milimita 15. Mota usoni imepungua kutoka sehemu 34 hadi 23 katika kila 100, na ukiwa mbali tofauti inaonekana wazi. Inataka vijana wawili wa kuchambua kwa muda wote wa kulaza, na matofali mengi yatakataliwa kwa ajili ya uso wa nje. Hayatatupwa: yatakwenda kwenye kuta za ndani, zitakazopigwa lipu. Tena jointi nyembamba inakula saruji kidogo, kwa hiyo sehemu ya gharama ya vijana hao itarudi.

Sehemu ya tatu ni kama ya pili, ila mota imetiwa rangi ya unga nyekundu, kilo mbili na nusu kwa kila mfuko wa saruji wa kilo 50. Hii ndiyo inayokaribia picha kuliko zote. Lakini rangi hiyo inabidi ipimwe kwa mizani kila mchanganyiko. Fundi akikisia kwa mkono mtapata mabaka. Na ni gharama ambayo haikuwemo kwenye mchanganuo. Maoni yetu ni kwamba ya pili inawatosha. Ya tatu inapendeza mwaka wa kwanza, lakini ya pili itazeeka vizuri zaidi, kwa kuwa haitegemei umakini wa mtu anayechanganya mota saa tisa mchana akiwa amechoka.

Kuhusu kozi tisa zilizokwishalazwa, hazina kasoro ya nguvu, na hatushauri zibomolewe. Tano za chini zitafunikwa na yale mawe. Nne zilizobaki mafundi wanaweza kuzikwangua jointi kwa kina cha sentimita moja na nusu na kuzijaza upya kwa uangalifu, kingo za matofali zikiwa zimesafishwa ili saruji isivuke juu yake. Hazitafanana kabisa na za juu yake, na nawaambia mapema: mtu anayezitafuta atazikuta. Kazi hiyo ofisi yetu itailipia.

Picha mpya pia tutaitengeneza bila malipo. Safari hii tutavisha bapa picha tuliyoipiga kwenye ukuta wa mfano mtakaouchagua, na tutawaonyesha saa tatu za siku: saa nne asubuhi, saa nane mchana, na saa kumi na moja jioni. Chini yake tutaandika kwamba rangi na sura ya vifaa zinaamuliwa na sampuli zilizosainiwa. Sampuli zenyewe, yaani matofali mawili, kipande cha bati na kipande cha niru, zitakaa ofisini kwa Mwenyekiti zikiwa na saini za pande zote mpaka siku ya makabidhiano. Kuanzia sasa, kifaa chochote kikibadilishwa, kitabadilishwa kwa barua yetu yenye sababu na bei, ikisomwa kwenye kikao kabla kifaa hakijafika. Kikifika kifaa ambacho barua yake hamjaisikia, simamisheni kazi na mtupigie simu.

Tunawaomba mje Jumamosi hii. Msije mara moja tu mkaondoka. Njooni saa nne, mrudi saa nane, na wanaoweza wabaki hadi saa kumi na moja. Simameni hatua thelathini kutoka ukuta wa mfano, kisha msogee mpaka mguse. Mzee aliyesema neno lile tunamwomba aje akae mbele, na aje na ile picha yake. Mafundi hawatalaza kozi ya kumi mpaka Kamati iwe imechagua sehemu moja kati ya tatu na kuisaini kwa chaki juu ya tofali lenyewe.

Wenu,
Wabunifu wa ukumbi wenu,
Mbulu mjini